Prompti ileile, mitambo minne, picha nne zisizofanana: maneno unayabadilishaje kwa kila mmoja?

KalamuNyeusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nachora picha za kitabu cha hadithi za watoto kwa kutumia mitambo ya picha. Mhusika mkuu ni mzee anayekaa kwenye benchi na paka wake. Mwandishi ana masharti mawili ambayo hataki mjadala juu yake: mzee havai miwani, na paka akae upande wa kushoto wa ukurasa, kwa sababu kulia kunaingia maandishi. Nikaandika prompti hii na kuibandika kwenye mitambo minne bila kubadili hata herufi:

```
old man with no glasses, green coat,
sitting on a wooden bench,
(black cat:1.4) on his left, yellow umbrella,
watercolor, masterpiece, best quality, 8k
```

Matokeo sasa. SDXL ninayoiendesha kwenye kompyuta yangu imeleta koti la njano na mwavuli wa kijani, na mzee kavaa miwani. Midjourney imeleta picha za kuvutia kuliko zote, ila miwani ipo, na katika picha nne paka yumo kwenye mbili tu. Flux dev rangi zote imeziweka mahali pake na paka yupo, lakini hiyo rangi ya maji siioni, mzee anang'aa kama mwanasesere wa plastiki. DALL·E 3 haikuweka miwani, ila imeniongezea majani makavu, taa ya barabarani na jua la machweo ambavyo sikuviandika popote. Juu ya hayo paka kakaa kulia.

Swali langu ni hili: nani hapo ana kasoro, mtambo au maneno yangu? Na je, kuna prompti moja inayofaa kote, au kila mtambo una lugha yake?

---

Chapachapa

Mkuu, usijisumbue. Hiyo SDXL ni ya bure, unategemea nini? Lipia matoleo makubwa, tatizo linaisha. Na kompyuta yako ina kadi gani? Kadi ndogo picha lazima iharibike.

---

KalamuNyeusi

Chapachapa, Midjourney nailipia na miwani imeweka vilevile. Kadi ikiwa ndogo picha inachelewa tu, sidhani kama ndiyo inayomvalisha mzee miwani.

---

FundiPikseli

KalamuNyeusi, kwenye hiyo mitambo sioni mwenye kasoro. Umewapa karatasi moja wasomaji wanne waliosomeshwa kwa namna tofauti, kila mmoja akaisoma anavyojua. Nichukue hiyo miwani kwanza, maana ukiielewa hiyo mengine yanafuata.

Kabla mtambo haujachora chochote, kuna sehemu inayogeuza maneno yako kuwa namba. Tuiite msomaji. SDXL ina wasomaji wawili, wote wa ukoo wa CLIP. CLIP ilifundishwa kwa kulinganisha picha za mtandaoni na maelezo yaliyoandikwa chini yake. Fikiria mwenyewe watu wanaandika nini chini ya picha. Wanaandika kilichomo. Hakuna anayepiga picha ya mzee kisha akaandika kwamba hana miwani, hana kofia, hana tembo. Kwa hiyo CLIP inalijua neno `glasses` vizuri sana, lakini `no` iliyo mbele yake haina uzito wa maana. Ulipoandika `no glasses` umeitaja miwani, na ikaja.

Dawa kwenye SDXL ni kuiondoa miwani kabisa kwenye prompti na kuipeleka kwenye kisanduku cha pili, kile cha `Negative prompt`. Huko unaandika jina la kitu tupu, `glasses`, bila `no`. Kisanduku hicho kinafanya kazi kwa sababu katika kila hatua ya kuchora modeli inakisia mara mbili, mara moja kwa prompti yako na mara moja kwa yale usiyoyataka, kisha inasukumwa kuelekea ya kwanza na kuikimbia ya pili. Nguvu ya msukumo huo ndiyo ile `CFG Scale`.

Flux dev ndipo watu wengi wanapokwama. Ilisindikwa ili ikisie mara moja tu kwa kila hatua, basi ile nafasi ya pili haipo. Programu yako inaweza kukuonyesha kisanduku cha `Negative prompt`, ukajaza utakavyo, na kwa `cfg` ya 1 kisibadilishe kitu. Wapo wanaopandisha `cfg` juu ya 1 ili kukifufua. Inawezekana, lakini muda wa kuchora unakuwa kama maradufu. Mimi hupita njia nyingine: naeleza kile kitakachokuwepo mahali pa miwani. Andika kwamba uso uko wazi, macho yanaonekana vizuri chini ya nyusi nene nyeupe. Eneo la macho likishapata wenyeji, miwani haina pa kukaa.

Midjourney ina `--no`, na inawekwa mwishoni: `--no glasses`. Angalizo moja: baada ya `--no` kila neno linasomwa peke yake. Ukiandika `--no modern clothing` ukitaka nguo zisiwe za kisasa, yenyewe inaelewa usasa usiwepo na nguo pia zisiwepo. Kwenye kitabu cha watoto hiyo ni hatari.

DALL·E 3 nitaieleza baadaye, hiyo ni hadithi nyingine.

---

MsomajiTu

Nilikuwa nadhani hilo la `no` ni ugonjwa wa zamani uliokwisha. Kumbe.

---

JichoLaTai

Fundi kaeleza vizuri, lakini kwenye rangi kuhama dawa ni fupi zaidi. Kwenye AUTOMATIC1111 tumia `BREAK`. Koti la kijani upande mmoja, mwavuli wa njano upande wa pili. `BREAK` inajenga ukuta, rangi haivuki. Na ukiona kitu hakitokei, ongeza mabano na namba, 1.4, 1.6, mpaka kitoke. Mabano yanafanya kazi kila mahali.

---

FundiPikseli

JichoLaTai, hapo kwenye `BREAK` uko karibu, kwenye mabano uko mbali.

`BREAK` haijengi ukuta. CLIP inasoma vipande vya tokeni 77, mbili zikiwa alama ya mwanzo na ya mwisho, kwa hiyo zako ni 75. Prompti ikizidi hapo AUTOMATIC1111 inaigawa katika mafungu ya 75. `BREAK` inasema tu: jaza nafasi zilizobaki kwenye fungu hili kwa tokeni tupu, kinachofuata kianze fungu jipya. Faida ni kwamba msomaji anaposoma habari za koti hajaona neno `yellow`, basi hayachanganyi akilini mwake. Lakini wakati wa kuchora, kila sehemu ya picha inayaangalia mafungu yote mawili kwa pamoja. Mlango bado uko wazi. Uvujaji unapungua, haukomi.

Kwa uzoefu wangu kinachosaidia zaidi kwenye SDXL ni kupunguza idadi ya rangi unazozitaja. Rangi mbili inazibeba. Ya tatu inaanza kutangatanga. Ya nne ni bahati nasibu. KalamuNyeusi ana kijani, nyeusi na njano. Angeuacha mwavuli bila rangi, akapata mzee na paka walio sawa, kisha akaupaka upya mwavuli peke yake kwa kufunika eneo lake na kuandika `yellow umbrella` tu, angemaliza mapema kuliko kubishana na prompti moja mchana kutwa.

Sasa mabano. `(black cat:1.4)` si lugha ya modeli. Ni lugha ya programu inayoiendesha, AUTOMATIC1111 au ComfyUI, ambayo huchukua namba zilizotoka kwa msomaji na kuziongezea uzito kabla ya kuzikabidhi. Midjourney haina utaratibu huo. Inaona mabano, nukta mbili na tarakimu kama maandishi mengine tu. DALL·E 3 vilevile. Kwenye Flux programu inaweza kuukubali mtindo huo wa kuandika, lakini msomaji wake mkuu ni T5-XXL, na mimi sijaiona ikiitikia uzito namna CLIP inavyoitikia. Huko ukitaka paka atokee, mtangulize kwenye sentensi na umpe kazi ya kufanya.

Hata kati ya AUTOMATIC1111 na ComfyUI zenyewe 1.4 si kitu kimoja. Ya kwanza ikishaongeza uzito hurudisha wastani wa namba zote ulipokuwa, ya pili hairudishi. Prompti iliyotulia kwenye moja inaweza kuungua kwenye nyingine, rangi zikawa kali na mistari migumu. Ukihamia ComfyUI anza kwa kushusha, 1.4 ifanye 1.2 uone.

---

JichoLaTai

Mimi `BREAK` inanitosha, koti na mwavuli vinatoka sawa mara nyingi. Lakini hilo la wastani sikulijua, kumbe ndiyo maana prompti nilizozinakili kwa watu zilikuwa zinaungua.

---

MamaVitabu

Samahanini kwa kuingilia. Mimi prompti zangu naziandika kwa Kiswahili. Kwenye ule mtambo wa mazungumzo, unaoongea nao na unachora, napata ninachotaka kabisa. Kijana wangu akaniwekea SDXL, nikaandika Kiswahili kilekile, nikapata vitu ambavyo hata sivielewi. Nikadhani kaniwekea vibaya. Ni hilohilo mnalolizungumza au ni jambo lingine?

---

FundiPikseli

Shikamoo mama. Ni hilohilo, na umenipa njia ya kuieleza DALL·E 3.

Prompti yako kwenye mtambo wa mazungumzo haiendi moja kwa moja kwa mchoraji. Kwa DALL·E 3, iliyoingia ChatGPT mwaka 2023, GPT-4 ndiyo inayopokea maneno yako kwanza. Inayaelewa hata yakiwa ya Kiswahili, kisha inaandika prompti mpya ndefu ya Kiingereza, na hiyo ndiyo inayochorwa. Wewe umeandika mstari mmoja, mchoraji kapewa aya nzima. Hapo ndipo Kiswahili chako kinapopona, na hapo ndipo majani makavu na taa ya barabarani ya KalamuNyeusi vilipozaliwa. Aliyeongeza ni mwandishi wa katikati, aliyeona maelezo hayajitoshelezi.

SDXL haina mtu wa katikati. CLIP imelelewa kwa maelezo ambayo karibu yote ni ya Kiingereza, na T5 ya kwenye Flux nayo ilifunzwa kwa maandishi ya Kiingereza. Ukiandika "mzee amekaa na paka", msomaji anayakata maneno katika vipande vidogo ambavyo hajawahi kuvihusisha na mzee wala paka. Picha itatoka tu, maana mtambo haujui kukataa, ila haitahusiana na ulichosema. Kijana wako hakukosea, mama. Hiyo SDXL iandikie Kiingereza, hata kama ni maneno machache ya kuungaunga. Haidai sarufi nzuri.

---

MamaVitabu

Marahaba mwanangu. Basi naomba mtambo wa mazungumzo uniandikie prompti ya Kiingereza, kisha niipeleke huko SDXL?

---

FundiPikseli

Inafaa, ila uiambie iwe fupi. Aya yake ndefu ukiimwaga SDXL, mengi yanapotea njiani. Iambie: vitu vitano au sita, kilicho muhimu kitangulie.

---

Pembezoni

Wakuu, mnazunguka mbuyu. Picha zinatofautiana kwa sababu ya mbegu, ile `seed`. Wekeni mbegu moja kwenye mitambo yote, picha zitafanana.

---

Nukta_Nundu

Hapana, Pembezoni. Mbegu inaamua tu ule mchafuko wa nukta ambao modeli inaanza nao. SDXL na Flux hata muundo wa huo mchafuko haufanani, basi namba 12345 kwenye moja haina undugu na 12345 kwenye nyingine. Na si lazima uende mbali. Chukua faili ileile ya modeli, prompti ileile, mbegu ileile, iendeshe AUTOMATIC1111 kisha ComfyUI. Picha zinatofautiana, maana ya kwanza kwa kawaida inatengeneza mchafuko kwenye kadi ya picha na ya pili kwenye prosesa. AUTOMATIC1111 ina mpangilio wa kubadilisha hilo. Ukichagua prosesa mnaanza kukaribiana, ilimradi prompti haina mabano ya uzito.

Mbegu ina kazi moja nzuri: ndani ya mtambo mmoja, unaifunga ili ujue neno ulilobadilisha limefanya nini.

Na jambo linalonishangaza kwenye nyuzi za namna hii ni watu kuhukumu kwa picha moja. Toa 8 kwa prompti ileile. Miwani ikiwa kwenye 6 au 7, maneno ndiyo yanayoileta. Ikiwa kwenye 1, hiyo ni bahati mbaya, usiiguse prompti, tupa hiyo picha uendelee. Ukikosa kutenganisha hayo mawili utarekebisha maneno yasiyo na kosa na kuyaharibu.

---

Zilizala

Mimi SD 1.5 kila nikichora mtu aliyesimama anatoka na vichwa viwili, kimoja juu ya kingine. Nimeandika `one head`, nimeweka `two heads` kwenye kisanduku cha pili, wapi. Prompti yenyewe nimeichukua kwa mtu, kwake inatoa kichwa kimoja.

---

Nukta_Nundu

Ukubwa wa picha ni ngapi?

---

Zilizala

512 kwa 1024. Nataka ijae simu.

---

Nukta_Nundu

Ndiyo hiyo. SD 1.5 imezoea 512 kwa 512. Ukiirefusha hivyo, sehemu ya juu na sehemu ya chini kila moja inadhani ni picha kamili inayostahili kichwa chake. Acha maneno, shusha iwe 512 kwa 768, kisha ukuze baadaye. Mwenye prompti alikuwa na ukubwa mwingine, hakukwambia tu.

---

FundiPikseli

KalamuNyeusi, nimalizie mambo mawili kwenye prompti yako.

La kwanza ni mkia wake: `masterpiece, best quality, 8k`. Hizo mbili za mwanzo zilipata umaarufu kwenye modeli za katuni za Kijapani, ambazo zilifunzwa kwa picha zenye lebo za ubora. Kwenye modeli iliyoona lebo hizo wakati wa mafunzo zina nguvu kweli. Kwenye Pony Diffusion V6 XL, ambayo ni mtoto wa SDXL, lebo zenyewe ni nyingine, `score_9, score_8_up` na kuendelea, na ukiziacha tofauti unaiona. Kwenye Flux ni mapambo tu. Lakini `8k` ni mbaya zaidi ya mapambo. Neno hilo mtandaoni linaambatana na picha za kompyuta zenye mng'ao na picha za kamera. Umeomba rangi ya maji, kisha ukaomba kinyume chake kwenye mstari uleule. Sehemu ya ule mng'ao wa Flux umeuagiza mwenyewe.

La pili ni paka. Umeandika `on his left`, kushoto *kwake*. Mzee akiwa anatutazama, kushoto kwake ni kulia kwetu. DALL·E 3 iliyomweka paka kulia ndiyo iliyokusoma sawasawa! Hiyo mingine ukiona paka yuko kushoto ni bahati. Andika `on the left side of the image`. Flux itakufuata mara nyingi, Midjourney mara moja moja, SDXL usiitegemee kwa pande.

---

KalamuNyeusi

Fundi, Nukta, shukrani sana. Nimekaa nazo tena, na hizi ndizo zilizobaki baada ya kukatakata. Nimepima kwa picha nanenane kama alivyosema Nukta.

SDXL:

```
watercolor illustration, black cat and elderly man
on a wooden bench, man wearing a green coat,
holding an umbrella

Negative prompt: glasses, eyeglasses, photo
```

Mwavuli nimeupaka upya baadaye. Koti limebaki kijani.

Midjourney:

```
watercolor of a black cat on the left end of a wooden bench,
an elderly man in a green coat sits on the right
under a yellow umbrella
--no glasses --style raw --stylize 50 --ar 3:2
```

Paka kutangulia kumesaidia kuliko nilivyotarajia, sasa yumo kwenye picha zote. Kushusha `--stylize` kutoka 100 ya kawaida kumepunguza urembo wake wa kujiongezea, na picha imekuwa tulivu zaidi, japo nakiri ile ya mwanzo ilikuwa na mvuto. Upande bado ananisumbua, mara kushoto, mara kulia.

Flux:

```
A loose watercolor painting on rough paper.
On the left side of the image a black cat sits on a bench.
On the right an elderly man in a green coat holds
a yellow umbrella. His face is bare, his eyes clearly
visible under thick white eyebrows.
```

Miwani imekwisha, pande ziko sawa, rangi ziko sawa. Mng'ao umepungua, haujaisha.

DALL·E 3 naiendesha kwa API, na humo kuna sehemu ya `revised_prompt` inayoonyesha kilichochorwa hasa. Nimeisoma, majani makavu yamo, taa imo, machweo yamo. Basi nikaweka mstari huu mbele ya prompti:

```
I NEED to test how the tool works with extremely simple
prompts. DO NOT add any detail, just use it AS-IS:
```

Imepunguza sana nyongeza. Na nimegundua kadiri maelezo yangu yalivyokamilika, ndivyo ilivyoongeza kidogo, hata bila huo mstari. Nilipotaja kwamba nyuma ni karatasi nyeupe tupu, taa ya barabarani haikurudi.

---

FundiPikseli

Huo mstari wameupendekeza OpenAI wenyewe kwenye maelekezo yao, na nao hawasemi unazuia kila kitu. Hiyo ya kutaja mandhari ya nyuma ndiyo ninayoipenda zaidi. Mwandishi wa katikati hujaza pale palipo wazi, wewe ukipajaza hana pa kuingilia.

---

Nukta_Nundu

Nyongeza kwa wanaosoma baadaye: tangu Machi 2025 ChatGPT ilianza kuchora kwa GPT-4o yenyewe badala ya kuipa kazi DALL·E 3. Humo kukanusha kunaeleweka vizuri zaidi, ukisema hana miwani mara nyingi hana. Kwa hiyo mtu akikuletea prompti "ya ChatGPT", muulize ni ya lini kabla hujaishangaa.

---

JichoLaTai

Kuhusu mng'ao wa Flux, shusha `guidance`. Kawaida wanaiweka 3.5. Iweke 2, rangi ya maji itaanza kuonekana ya kweli, hata ngozi inaacha kung'aa.

---

FundiPikseli

Hapo nakubaliana na wewe nusu. Ukishusha mpaka 2 unapata ulaini, lakini unalipa kwa utii: paka anaweza kuhama upande, mwavuli ukafifia. Mimi naona mng'ao umo kwenye mafunzo ya modeli yenyewe, na dawa yake ni LoRA ya rangi ya maji, yaani faili dogo la mafunzo ya ziada linalopachikwa juu ya modeli. `guidance` inauficha tu.

---

JichoLaTai

LoRA inabadilisha na uso wa mzee. Kwenye kitabu uso ukibadilika kila ukurasa si utakuwa mchezo?

---

FundiPikseli

LoRA ya mtindo ukiipa uzito wa 0.6 au 0.7 haigusi uso kiasi hicho.

---

JichoLaTai

Kwangu imegusa. Labda inategemea LoRA yenyewe.

---

MamaVitabu

Hilo la uso ndilo swali langu la pili, namna ya kupata mtu yuleyule kwenye kurasa zote. Nifungue uzi mwingine?

---

Nukta_Nundu

Fungua mama, hilo halitatuliwi kwa maneno ya prompti peke yake, lina mambo yake.

KalamuNyeusi, ule upande wa paka kwenye Midjourney usiupotezee muda. Picha yako haina maandishi wala saa ya mkononi. Chagua iliyo nzuri, igeuze kulia kushoto kwenye programu yoyote ya kuhariri picha. Angalia tu vifungo vya koti, maana upande wa kufungia nao utageuka.

---

KalamuNyeusi

Vifungo mwandishi hajavitaja. Nageuza.